Nyanya wa Mtongwe na bao la mashimo 32

Mtoto wa miaka tisa akishaanza kusimama nyuma ya wazee wanaocheza bao, nyumbani humpati tena. Ndivyo yalivyomfika nyanya mmoja wa Mtongwe, upande wa Likoni, ambaye ameniomba nisimtaje jina. Binti yake anafanya kazi kisiwani. Huondoka alfajiri kuwahi feri, na hurudi watu wakiwa wametoka sala ya isha, kwa hivyo kuanzia saa kumi mtoto anaporudi shule, nyumbani ni yeye na nyanyake. Zamani jioni ile ilikuwa yao wawili. Kisha mtoto akagundua baraza iliyo chini ya mkungu, akawa akivua tu sare za shule, huyo.

Bibi huyu hakuwa na neno na bao lenyewe. Kilichomkosesha raha ni kwamba baraza hairudishi mtoto kwa wakati, na kwamba jirani na baraza ya wazee pana maskani ya vijana ambao mazungumzo yao si ya kusikizwa na mtoto. Angeweza kumkataza. Badala yake alimuuliza mjukuu swali ambalo wengi wetu hatuulizi: huko mnacheza nini, na mimi naweza kucheza?

Mtoto alicheka. Nyanya hukaa uani, bao huchezwa barazani na wanaume. Hivyo ndivyo alivyoona tangu azaliwe, na ndivyo sote tulivyoona. Ukipita Mtongwe, Timbwani au Kisauni jioni, wanaoinamia ubao ni wanaume. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mvita wa karne ya 19, alilitia bao katika mashairi yake, na ulimwengu wa bao lile nao ulikuwa wa wanaume. Wanawake wa pwani waliokua na mdako na michezo mingine ya uani wengi hawakuwahi kuliinamia, japo mashimo yake wameyaona maisha yao yote.

Nyanya akamwendea kakake, mzee ambaye amecheza bao tangu ujana wake. Swali lake la kwanza halikuwa la kanuni, lilikuwa la dini: mchezo huu una kamari ndani yake? Kakake akamjibu kuwa bao halina dadu wala bahati. Kete zote ziko wazi, kila mtu anaona za mwenziwe, na anayeshinda ni aliyehesabu vizuri zaidi. Bila ya kuwekeana pesa, na bila ya kuipita sala, hakuona ubaya. Hapo akampa shauri ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Usianze na bao kubwa. Anza na bao la kujifunza."

Watu wengi wa mjini hawajui kama kuna bao la aina hiyo, na wanaojua hulidharau kwa kuwa ni la watoto. Ubao ni ule ule, wenye mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane. Kete ni zile zile 64. Tofauti iko katika kuanza. Katika bao kubwa, kila mchezaji huweka kete 6 katika nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili ya jirani yake, na 22 zilizobaki hukaa mkononi. Kwanza watu hunamua, yaani kila zamu mtu huingiza kete moja kutoka mkononi, na muda huo wote nyumba ina sheria zake za peke yake. Kete za mkononi zikisha, mchezo hugeuka na sheria nyingine zikashika. Mgeni hujifunza michezo miwili kwa mpigo. Mholanzi Alexander de Voogt, aliyekaa na mafundi wa bao wa Zanzibar na kuandika tasnifu juu yao katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995, aliuchunguza mchezo huu kama kipimo cha upeo wa akili ya binadamu. Nyanya wa Mtongwe hakutaka kupimwa upeo wa akili. Alitaka mjukuu wake kati ya saa kumi na maghrib.

Katika bao la kujifunza hakuna kete za mkononi na nyumba haina cheo. Kila shimo linatiwa kete mbili, mashimo yote 32, na mchezo unaanza pale ambapo bao kubwa huwa limefika katikati. Basi.

Ubao wao wa kwanza ulikuwa mchanga wa uani. Mtoto alichimba mashimo kwa kisigino, safu nne, naye nyanya akayasawazisha kwa kifuu. Mchanga ni mzuri siku ya kwanza. Siku ya pili kingo zinamomonyoka, kete zinazama, na mvua ya masika ikinyesha huna bao. Ndipo mtoto akaleta trei mbili za mayai kutoka dukani. Trei ya kawaida ya mayai 30 ina vishimo vitano kwa sita, kwa hivyo ukiziunganisha mbili ubavu kwa ubavu unapata safu tano za vishimo kumi na viwili. Wakakata safu moja, wakakata na vishimo vinne vya pembeni katika kila safu, wakabakia na nne kwa nane. Kati ya safu ya pili na ya tatu wakachora mstari kwa makaa ili ijulikane mpaka wa nchi mbili uko wapi.

Kete ziliwasumbua zaidi kuliko ubao. Kokwa za ubuyu zipo kila nyumba, lakini ni ndogo, na vidole vya bibi wa umri ule huokota mbili akidhani ni moja. Kokoto zina ukubwa tofauti na hudanganya macho. Mwisho wakarudi kwenye komwe, kete za asili za bao, mbegu za kijivu za mkomwe unaotambaa karibu na pwani. Ganda lake lina miiba na ndani hutoa mbegu moja au mbili tu, kwa hivyo kupata 64 si kazi ya jioni moja. Lakini komwe ni ngumu, ni laini, zinalingana, na zina faida ambayo nyanya aliigundua mwenyewe: zinalia. Kila komwe ikianguka juu ya mwenziwe hutoa mlio, na ikianguka katika kishimo kitupu mlio ni mwingine. Macho yake yalipochoka jioni, masikio yalimwambia kete ya mwisho imeangukia wapi, na katika bao hilo ndilo jambo la kujua.

Sababu ni hii. Unachota kete zote za shimo moja lenye kete mbili au zaidi, unazigawa moja moja katika mashimo yanayofuata, kwenda kulia au kushoto upendavyo, ukizunguka safu zako mbili tu. Kisha unaitazama kete ya mwisho. Ikiangukia shimo tupu, umelala, na zamu ni ya mwenzio. Ikiangukia shimo lenye kete katika safu yako ya mbele, na shimo la adui linalokabiliana nalo lina kete pia, unakula. Unachukua kete zake zote na kuanza kuzigawa katika safu yako ya mbele kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho la pembeni. Ukiwa unakwenda kulia unaanzia kichwa cha kushoto, na ukiwa unakwenda kushoto unaanzia cha kulia. Ila ukila ukiwa kwenye kichwa au kwenye kimbi, shimo linalofuatana na kichwa, unaanzia kichwa cha upande huo huo. Na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete lakini pasipo na cha kula, unalichota shimo hilo lote na kuendelea mbele.

Kanuni hizi ukizisoma ni nzito. Ukiziona mara moja kwa mkono ni nyepesi, na mtoto alimwonyesha nyanyake kwa mchezo mmoja wa kufungua ambao msomaji anaweza kuufuata hapo alipo akiwa na trei na maharagwe. Yahesabu mashimo ya safu yako ya mbele kutoka kushoto, la kwanza hadi la nane. Yote yana mbili mbili.

Mtoto alichota shimo la tatu akaenda kulia. Kete moja ikaingia la nne, moja la tano. La tano lilikuwa na kete, na mkabala wake kwa nyanya pana mbili. Akala. Alikuwa akienda kulia, kwa hivyo akaanzia kichwa cha kushoto: moja shimo la kwanza, moja la pili. La pili nalo lilikuwa na kete, na mkabala wake pana mbili. Akala tena. Shimo la pili ndilo kimbi cha kushoto, basi akaanzia kichwa kile kile: la kwanza, la pili. Sasa mkabala wa la pili pametupu, ameshapala, na shimo lake mwenyewe limejaa nne. Hakuna cha kula, akazichota zote nne akaendelea: la tatu, la nne, la tano, la sita. La sita lina kete na mkabala wake pana mbili. Akala mara ya tatu, akarudi kichwani: moja la kwanza, moja la pili. Lakini la pili alikwisha kulichota, lilikuwa tupu. Akalala.

Zamu moja, kete 6. Mtoto sasa ana 38 na nyanya 26, na safu ya mbele ya nyanya ina matundu matatu matupu kabla hajagusa hata kete moja.

"Kumbe wanialika kwangu mwenyewe kuja kuniibia," nyanya akamwambia.

"Si wizi, nyanya. Ni mtaji."

Hapo wakajua jambo ambalo lazima likubaliwe kabla ya kucheza: anayeanza ana nguvu kubwa katika bao hili, kwa kuwa kila shimo la adui limejaa na hakuna aliyejikinga. Wakapatana kuwa aliyeshindwa ndiye afungue mchezo unaofuata. Bila ya sharti hilo, mtoto angeanza kila mara na nyanya angechoka mapema.

Makosa ya nyanya ya mwanzo yalikuwa ya aina mbili. La kwanza ni kutia kete mbili katika shimo moja bila kujua. Kosa hili ni baya kwa sababu halionekani kwa kuhesabu. Ubao mzima bado una kete 64, ila kete ya mwisho imefika nyuma ya pale ilipopaswa kufika, na mchezo wote umeharibika. Dawa yake waliipata wenyewe. Akichota, anataja idadi kwa sauti kabla ya kugawa, na kila kete anaihesabu ikianguka. Akisema "tano" halafu mkono ukabaki mtupu kwenye shimo la nne, wote wawili wanajua kuna mbili zimelala pamoja, na wanarudi. Kuhesabu 64 kunasaidia jambo jingine, nalo ni komwe iliyobingirika chini ya kiti. Huhesabu kila mwisho wa mchezo.

La pili ni kusahau kwamba kula si hiari. Ukiwa na shimo ambalo kete yake ya mwisho, katika mgawo wa kwanza kabisa, itaangukia mahali pa kula, lazima ule. Usipokuwa nalo hata moja, unatakata: unachota shimo la safu ya mbele na kugawa bila kula, hata kete ya mwisho ikidondokea mbele ya shimo nono la adui. Nyanya alikuwa akitakata, akaliona shimo lile, akanyoosha mkono. Mtoto akamshika kiganja. Mara ya kwanza waligombana hadi ikabidi kaka mtu aitwe, naye akahukumu kwa mjukuu.

Lakini mtoto naye alikuwa na ugonjwa wake, nao ulikuwa mkubwa zaidi. Aliamini kuwa mwenye kete nyingi ndiye anayeshinda. Kila alipokuwa na mitaji miwili alichagua ule unaoleta kete nyingi, na kete zikamrundikia safu ya nyuma. Bao halihesabiwi hivyo. Anayeshindwa ni yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, hata nyuma awe na ghala, au yule asiyebakiwa na shimo hata moja lenye kete mbili za kuchota. Nyanya aliligundua hili kwa sababu alikuwa mdogo wa kete kila siku na alilazimika kutafuta njia nyingine ya kuishi. Akaanza kuyaangalia mashimo ya mbele ya mtoto badala ya kuyaangalia manono. Siku moja mtoto alikuwa na shimo moja tu mbele lenye kete tatu, nyuma ana nyingi ajabu, na anatabasamu. Nyanya akachota mbili kutoka safu yake ya mbele, kete ya mwisho ikasimama mkabala na zile tatu, akazila. Safu ya mbele ya mtoto ikawa nyeupe.

"Umalize, nyanya, bado nina kete!"

"Zako ziko jikoni, mume wangu. Sebuleni hamna mtu."

Wasomaji wa pwani hawatashangazwa na hilo la mume wangu. Utani wa nyanya na mjukuu ni wa asili kwetu, na bao linaukuza, kwa kuwa mchezo wenyewe umejaa maneno ya kuchokozana. Mtoto akilala upesi huulizwa kama hakupata usingizi usiku. Nyanya akifikiri sana huambiwa amwite kakake. Nilikaa nao jioni moja na nilichokiona ni kwamba mazungumzo ya shule, ya mwalimu, ya rafiki aliyegombana naye, yote yalitoka yenyewe katikati ya kete, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini. Ukimkalisha mtoto wa umri ule uso kwa uso ukamuuliza habari za shule atakujibu "nzuri" na hamtafika mbali.

Adhana ya maghrib ikilia mchezo husimama pale pale ulipo. Trei hubebwa polepole na kuwekwa juu ya kabati, na kando yake huwekwa komwe ya 65, upande wa mwenye zamu. Wameiokota ya ziada kwa kazi hiyo moja tu, baada ya ugomvi juu ya nani alikuwa anacheza.

Bao la kujifunza lina mipaka yake. Halifundishi kunamua, halifundishi kuilinda nyumba, na mtoto aliyezoea kuanza na mbili mbili akikaa mbele ya fundi wa bao kubwa atafungwa kabla hajajua kulitokea nini. Pia kuna zamu ambazo huzunguka na kuzunguka kiasi kwamba mchezaji anasahau alikuwa akienda upande gani, na hapo kosa hutokea hata kwa mtu mzima. Kwao sheria ni kwamba asiyecheza hunyoosha kidole kuonyesha mwelekeo hadi mwenziwe alale.

Nilimuuliza nyanya kama sasa atajifunza bao kubwa. Akasema mjukuu ndiye anayejifunza, kwa kakake, siku za Jumamosi, tena nyumbani. Yeye hili limemtosha. Nadhani yuko sahihi. Tumezoea kuliona bao dogo kama ngazi ya kupandia tu, tukishafika juu tunaitupa. Kwa wawili hawa si ngazi. Ni mchezo uliokamilika, unaochezeka kwa dakika chache au kwa jioni nzima, ambao mtu wa miaka tisa na mtu wa miaka zaidi ya sitini wanashindana bila mmoja kumhurumia mwenziwe. Mwaka 2020 UNESCO iliiweka michezo ya jamaa ya bao ya Kazakhstan, Kirigizistani na Uturuki katika orodha ya urithi wa binadamu. Letu lingestahili heshima hiyo, lakini kabla ya orodha yoyote linahitaji kuingia majumbani, mikononi mwa wanawake na watoto.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa wazee wa baraza za Likoni, Kisauni na Changamwe. Mna mbao nyumbani, nyingine zimefunikwa na vumbi tangu marehemu baba zenu. Jumamosi hii mteremshieni dada, mke au mama, mumwekee mbili mbili, mumwonyeshe shimo la tatu kwenda kulia. Kisha ondokeni, mwacheni na mjukuu wake.